Kichwa kugonga, misuli kukaza na kizunguzungu ukikata miwa: sio malaria kila mara

Swali: "Wadau, wiki hii nimeanza kibarua cha kukata miwa huku upande wa Kibos. Kufika saa sita kichwa kinagonga, vidole vya mkono wa panga vinajikunja vyenyewe, jioni mashavu ya miguu yanakaza na nikisimama haraka naona giza. Na maji nakunywa mengi sana. Nimepimwa malaria, hakuna. Ni nini hii?"

Ndugu yangu, hilo ni joto linakuchosha mwili na kwa venye umeeleza uko nalo nusu njia. Nimesimamia wakataji upande wa Chemelil na Muhoroni kwa muda, hiyo hadithi yako naisikia kila msimu wa kiangazi na karibu kila mara ni mtu mgeni. Kitu kimoja umesema ndio kinanionyesha shida iko wapi, hivyo vidole kujikunja na wewe unasema maji unakunywa mengi. Watu wengi wakisikia mtu amelemewa na jua wanasema tu "kunywa maji", na wewe umekunywa na bado unakazwa.

Kwanza elewa mwili unajipoza vipi. Ukikata miwa misuli yenyewe inatengeneza joto jingi, hata kabla ya hilo la jua. Damu inalipeleka joto kwa ngozi, jasho linatoka, na jasho likikauka ndio linaondoka na joto. Likikauka, sio likidondoka. Sasa huku Kano unajua hali yake, ziwa liko hapo, hewa nzito, na ukiingia katikati ya miwa mirefu kuliko wewe upepo hakuna kabisa. Unatoa jasho linatiririka mpaka kwa buti lakini halikaukii mwilini, kwa hivyo halikupozi vile linafaa, na mwili ukiona joto halishuki unazidi kutoa jingine. Mtu wa kazi nzito anaweza kupoteza lita moja kwa saa ama zaidi. Wakati huo huo damu nyingi imeenda kwa ngozi na maji ya damu yamepungua, kwa hivyo ukiinuka ghafla ubongo unakosa damu kidogo, ndio hilo giza unaona. Kichwa kugonga kunatokana na hayo hayo.

Misuli kukaza ni upande wa chumvi. Jasho linatoka na chumvi, na mtu ambaye hajazoea joto jasho lake lina chumvi nyingi kuliko la yule amekaa shambani muda. Angalia fulana yako ikikauka jioni, huko kwapani na mgongoni, ukiona mistari myeupe imejichora ujue hiyo ni chumvi yako imebaki kwa nguo. Wewe unarudisha maji matupu, chumvi hairudi, damu inakuwa nyepesi, na misuli ile imefanya kazi zaidi ndio inaanza kukaza: mkono wa panga, mashavu ya miguu, saa zingine tumbo. Na mara nyingi inakuja jioni ukiwa umeshapumzika, kama yako tu.

Wacha nikupe kisa kimoja nilichokiona vizuri. Kijana mmoja alirudi nyumbani kutoka Nairobi, huko alikuwa soja wa usiku, yaani muda wote huo hajaona jua la mchana. Ilikuwa Februari, shamba limechomwa jana yake, na mnajua miwa ya kuchomwa majivu yanapanda na ardhi nyeusi inarudisha joto usoni. Siku ya kwanza akakata kama wenzake juu malipo ni kwa kazi umefanya, na kijana hataki kuachwa na wazee. Jioni akasema kichwa, wakamwambia ni uchovu. Siku ya pili miguu ilimkaza usiku, mama yake akamkanda. Siku ya tatu akaja na strungi tu tumboni, akabeba jerikeni ya lita tano, na kabla ya saa tano alikuwa ameimaliza karibu yote. Nikaona panga linamtoka mkononi, vidole havifunguki, akavinyoosha na mkono ule mwingine akaendelea. Kitu kama saa sita na nusu akainama kufunga kamba ya kiatu, kuinuka akayumba, akatapika maji matupu.

Tukamtoa. Jasho lilikuwa bado linamtoka jingi, ngozi baridi na unyevu, ndani ya midomo na viganja vimepauka, nikamshika mkononi mapigo yanakimbia na ni membamba. Nikamuuliza leo ni siku gani, chifu wenu ni nani, akanijibu sawa ingawa kwa shida. Hayo maswali sikuuliza kwa mchezo, nitarudi hapo. Tukamlaza chini ya mti, miguu tukaiinua juu ya gunia, overoli tukaifungua mpaka kiunoni, buti nje, tukamlowesha maji kifuani na shingoni huku mwingine anampepea na kipande cha katoni. Kupepea kuna maana kuliko watu wanavyodhani, maji yakiwa kwa ngozi bila upepo kwa hewa kama ya huku hayaendi popote. Kutapika kulipotulia tukampa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Mama mhudumu wa afya wa kijiji akaja na kipimajoto chake, 38.4. Baada ya nusu saa hivi anaongea vizuri, vidole vimefunguka. Siku hiyo hakurudi kwa miwa, na kesho yake pia tulimkataza. Akili ya watu ni akishaamka basi amepona, lakini mwili ulioshikwa na joto leo kesho unashikwa haraka zaidi.

Sasa yale maswali. Mtu akichoka na joto akili yake inabaki. Akianza kujibu upuuzi, kugombana bila sababu, kutembea kama amelewa, kupata degedege ama kuzimia, hiyo sio uchovu tena, hiyo ni joto limepanda kichwani, mwili umepita nyuzi 40 ama uko hapo karibu, na hiyo inaua. Na msidanganywe na ile ya zamani kwamba lazima ngozi iwe kavu. Mtu aliyekuwa kwa kazi ngumu anaweza kufika huko na bado anatoa jasho. Hapo unamwagia maji yote mliyonayo, ukipata mtaro wa maji ama beseni kubwa unamtia mwili wote kichwa kikiwa juu umekishikilia, na unapoza wakati gari linatafutwa, sio unangoja gari kwanza halafu apozwe hospitali. Usimnyweshe kitu mtu ambaye akili imepotea, kitaingia kwa mapafu. Hata yule mwenye akili timamu, kama saa moja imepita kivulini bado anatapika ama haelekei kupata nafuu, peleka hospitali.

Kuhusu kunywa. Glasi moja, robo lita hivi, kila dakika 15 mpaka 20, kuanzia asubuhi kabla kiu haijaanza, inashinda kumeza lita mbili saa sita ukiwa umeshakauka. Na usipite lita moja na nusu kwa saa, juu ukijaza maji matupu kupita kiasi damu inakuwa nyepesi mpaka ubongo unavimba, na dalili zake zinachanganya sana kwa sababu ni kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, yaani zinafanana na za joto. Tofauti moja ni mkojo. Aliyekauka anakojoa kidogo na rangi imekolea, aliyejaza maji kupita kiasi mara nyingi anakojoa mweupe kama maji, vidole vimevimba, tumbo linapiga maji. Huyo wa pili usimuongezee maji, mpeleke.

Chumvi yenyewe wengi wenu mnaipata kwa chakula kama mnakula. Shida ni kuingia shambani na strungi. Kula ugali na mboga yenye chumvi usiku, asubuhi uji na kitu, mchana usiruke chakula. Siku umetoa jasho kwa saa nyingi, ama ukisikia misuli inaanza kuvuta, chukua ile dawa ya mtu anayehara, ile ya kuchanganya na maji, soma pakiti kwanza kwa sababu kuna za nusu lita na za lita moja. Ukikosa, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo. Onja, isizidi ladha ya machozi. Ikizidi hapo umeweka chumvi nyingi. Ile ya kulamba chumvi kavu kwa kiganja achana nayo, inakutapisha tu. Na kama uko na presha, shida ya moyo ama figo, ama unameza zile dawa za kukojoza, ongea na daktari kwanza kabla ya kuanza kujiongezea chumvi.

Lakini dawa kubwa kwako wewe ni kuanza pole pole, na hiyo watu hawaipendi kwa sababu ya pesa. Mwili unachukua kama wiki moja mpaka mbili kuzoea joto. Ukizoea unaanza kutoa jasho mapema, jingi, na lenye chumvi kidogo. Ushauri wa kitaalamu kwa mgeni ni siku ya kwanza ukae kwa joto sehemu moja ya tano tu ya siku, kisha unaongeza kiasi hicho hicho kila siku. Najua mnyapara hatakubali hesabu hiyo vile ilivyo, nami mwenyewe nilikuwa nikikata hesabu ya mgeni nusu tu, ila ongea naye uanze saa kumi na mbili alfajiri, saa tano ukae kivulini, umalizie jua likilala. Na ukienda likizo wiki moja ama zaidi ukirudi usidhani bado umezoea.

Jambo la mwisho ni vidonge. Kichwa kikigonga hapo shambani watu wanameza brufeni ama diklofenaki za dukani na kurudi kazini. Figo ya mtu aliyekauka maji ikiongezewa hizo inaumia, na wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua wameugua figo wengi wakiwa vijana, kazi nzito kwa joto bila maji ya kutosha ikitajwa kama moja ya sababu kubwa. Panadol haiumizi figo vile, lakini pia haishushi joto la jua, hiyo inafanya kazi kwa homa ya ugonjwa. Na kwa malaria, umefanya vizuri kupima. Ukipoa kivulini na kunywa dalili zikaisha, ni joto. Ukiwa umelala kitandani usiku kumepoa na bado unatetemeka baridi huku mwili unachemka, rudi upimwe tena hata kama ya kwanza ilisema hakuna. Mkojo ukitoka rangi ya soda nyeusi na misuli inauma hata ukiigusa, usingoje kesho, hapo misuli inavunjika na figo ndizo zinasafisha hiyo takataka, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie kazi unayofanya.