Dagaa wakavu wanalegea baada ya kukaangwa

"Wakuu, dagaa nikiwatoa kwenye mafuta ni wakavu safi, ila wakikaa kidogo tu wanalegea. Nikisema niwaache zaidi jikoni, wanaungua na kuwa wachungu. Huwa nawaloweka kwanza kwenye maji ya moto. Shida nini?"

Mkuu, shida ni huko kuloweka. Dagaa mkavu akikaa kwenye maji ya moto anayanywa mpaka katikati. Ukimkaanga, ngozi inawahi kukauka huku nyama bado ina maji, na akishatulia kwenye sahani maji yale yanatoka taratibu na kulainisha ngozi.

Huku Kigoma tunaangalia kwanza walianikwa wapi. Wa chanja pepeta tu kwenye ungo, suuza chapchap kwa maji baridi, basi. Wa mchangani suuza mara mbili tatu, ila usimwage maji pamoja na dagaa. Wainue kwa mikono ili mchanga ubaki chini ya beseni. Kisha warudishe juani, wametandazwa wasilaliane. Chukua mmoja umkunje: akipinda, bado, akivunjika, tayari. Masika jua likigoma, wageuzegeuze kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila tone la mafuta.

Mafuta yawe ya alizeti, kina cha vidole viwili. Mawese nayapenda kwenye mchuzi, lakini kwa dagaa wa kutafuna hapana, maana yakipoa yanaganda na kuwapaka utando mdomoni. Tupa dagaa mmoja wa kupimia. Akizama na kutulia, mafuta bado, na ukiwatia wenzake watayanywa. Akitoa povu papo hapo na kupanda juu, endelea. Akibadilika rangi kabla hujamgeuza, au mafuta yakifuka moshi, epua kwanza yapoe kidogo.

Kwa nusu kilo mimi natia konzi moja moja. Ukimwaga wote kwa pamoja, mafuta yanapoa na unakuwa unawachemsha. Hapo tega sikio: mwanzo yanachachatika kwa nguvu kwa sababu maji yanatoka kama mvuke. Sauti ikishuka na povu likawa dogo dogo, maji yameisha. Kwa waliokauka vizuri hiyo ni kama dakika moja na nusu, lakini amini sauti kuliko saa. Watoe wakiwa rangi ya dhahabu, kwani joto walilobeba linaendelea kuwapika hata nje ya mafuta. Ukingoja wawe kahawia kabisa, ndiyo huo uchungu wako.

Watandaze kwenye chekeche la waya hewa ipite chini. Ukiwajaza kwenye bakuli na kufunika wangali moto, mvuke wao wenyewe utawalowesha. Chumvi nyunyiza wakiwa bado na joto, na ndimu kila mtu akamulie kwenye sahani yake. Wakipoa kabisa, tia kwenye kopo la kufunga vizuri.