Maswali na majibu: wino wa sablimesheni kwenye jezi na fulana

Nimepiga nembo kwenye fulana 12 za pamba, nyuzijoto 200 kwa sekunde 60. Zilitoka zimepauka, na baada ya kufuliwa mara mbili karibu hakuna kitu. Niongeze muda? (Mbagala)

Usiongeze, utaunguza fulana bure. Kwenye joto hilo wino wa sablimesheni hugeuka mvuke. Poliesta ni plastiki: ikipata moto, uzi wake hulegea, mvuke ukapenya ndani, na ukipoa unajifunga rangi ikiwa humo humo. Pamba hailegei hivyo, na wino huu haushikamani nayo. Unabaki juu juu tu, sabuni inaubeba.

Kama muuzaji wa Kariakoo alikuapia kwamba ni poliesta, chomoa uzi kwenye pindo uuwashe kwa kiberiti. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi, ikaacha jivu laini.

Je, za mchanganyiko nusu kwa nusu?

Rangi itashika upande wa poliesta tu, kwa hiyo picha itaonekana imechakaa tangu mwanzo. Wapo wanaoupenda mwonekano huo. Kwa jezi za timu hatushauri.

Mteja ameleta jezi za njano za poliesta. Anataka jina la bluu na namba nyeupe mgongoni. Nimpe bei? (Temeke)

Bado, kwanza mweleze. Wino huu unapitisha mwanga, haufuniki kilicho chini yake. Bluu juu ya njano itatoka kijani. Nyeupe ndiyo haipo kabisa: kwenye kazi hii nyeupe ni kitambaa chenyewe palipoachwa bila wino. Nyeusi ingesomeka vizuri kwenye jezi hizo.

Akikubali kusubiri, nunua kitambaa cheupe cha poliesta, kata vipande vya jezi, kisha piga njano, jina la bluu na uwazi wa namba kwa mkupuo mmoja, ndipo ushone. Akizing'ang'ania jezi zake, tumia vinili ya kubandika, lakini ile yenye kizuizi cha rangi, na joto la chini kadiri maelekezo yake yanavyoruhusu. Vinili ya kawaida itanyonya rangi ya jezi, na baada ya siku chache namba nyeupe itakuwa na umanjano.

Kitambaa ni poliesta nyeupe kweli, ila herufi zinatoka na kivuli pembeni.

Karatasi yenye wino imesogea wakati bado inatoa mvuke. Ibane kwa tepu ya kuvumilia joto, na ukifungua mashine inyanyue mara moja bila kuiburuta. Kama badala ya kivuli unaona mabaka, hiyo ni unyevu, na hewa ya Dar inao wa kutosha: kandamiza jezi tupu kwa sekunde 5 kabla ya kuweka karatasi, na karatasi zenyewe zifungie kwenye mfuko wa plastiki.