Mwavuli usiopinduka kwenye upepo

"Miavuli ya bei rahisi inanipindukia kila upepo ukivuma. Ninunue wenye kitambaa gani, na mbavu za nini?"

Anza na mbavu ndugu yangu, kitambaa baadaye. Upepo ukiingia chini ya mwavuli huinua kitambaa, nacho huvuta ncha za mbavu kwenda juu. Mbavu za miavuli rahisi ni bati jembamba lililokunjwa mfano wa mfereji. Likishapinda halinyooki tena, na aghalabu hukatika kwenye kiungo, pale penye ribiti. Faibaglasi hupinda, kisha hurudi yenyewe.

Dukani ufungue, ushike ncha ya ubavu mmoja, uusukume juu taratibu, uachie. Ukibaki na kona, mrudishie muuzaji. Mwavuli wa kukunja mara tatu una viungo vingi, kwa hiyo ule mrefu usiokunjwa huvumilia zaidi.

Kitambaa chagua poliesta iliyofumwa kwa kubana. Nailoni hulegea kidogo ikilowa. Ukipata wa tabaka mbili wenye upenyo juu, chukua, maana upepo hutokea hapo badala ya kusukuma. Hata hivyo uuelekeze upepo unakotoka, na kukiwa na dhoruba uufunge tu.