Sikio lenye kibomba na povu la sabuni

"Mwanangu wa miaka 3 kawekewa vibomba masikioni juzi kwa sababu ya usaha wa kila mara. Naomba kujua: kumwogesha ni kama kawaida? Mama yangu anamwogesha kwenye beseni, anasema maji kidogo hayana shida."

Mtoe mtoto kwenye beseni leo leo. Mimi nilisema hivyohivyo, maji kidogo.

Wangu alikuwa na miaka 4, wiki ya tatu tangu awekewe. Nikamlaza chali kwenye beseni nisuuze nywele, masikio yakazama ndani ya povu. Siku mbili baadaye foronya ina doa la njano, na mtoto halii wala hana homa. Halii kwa sababu usaha una pa kutokea, ndiyo kazi ya kibomba. Mimi nikaona si kitu.

Maji matupu hupita kwa shida kwenye kibomba kilichopenya ngoma ya sikio, kitundu chake ni kidogo mno. Yakichanganyika na sabuni yanateleza mpaka nyuma ya ngoma, pamoja na uchafu wote wa beseni.

Hapo ningerudi kwa daktari yaishe. Nikaenda duka la dawa. Kijana wa kaunta, hata kuuliza kama sikio lina tundu hakuuliza, akanipa matone ya jentamisini: "Haya ni ya masikio yote, mama." Ya masikio yote! Labda na ya bata. Nimetia siku saba, usaha ukakaukia ndani, mtoto akaanza tena kuongeza sauti ya runinga.

Daktari alipoiona ile chupa alinyamaza kwanza. Akanieleza kwamba ngoma ikiwa na tundu, dawa za jamii hiyo zinaweza kufika sikio la ndani na kuharibu usikivu wenyewe. Kwa bahati usikivu ulipona, kibomba hakikupona: kiliziba kabisa, majimaji yakarudi nyuma ya ngoma. Tukarudi chumba cha upasuaji, mtoto kafungishwa kula tangu usiku, kalazwa usingizi wa dawa mara ya pili, nami nimelipa mara mbili kazi ya dakika kumi na tano. Baada ya hapo usaha ulipotoka tena alinipa matone ya siprofloksasini. Unapangusa usaha wa nje, unatia, kisha unabonyeza taratibu kile kinundu cha mbele ya sikio ili dawa ipenye.

Sasa kuoga: aketi au asimame, usimlaze. Siku ya kuosha nywele viringisha pamba, ipake vaselini upande wa nje, ziba nayo mlango wa sikio bila kuisukuma ndani, nywele zikishasuuzwa itoe. Bichi daktari wako atakwambia lini, wangu aliruhusu kuogelea juujuu, kupiga mbizi akakataa. Mimi bahari siiogopi kama ninavyoliogopa beseni la bibi.

Na mama yako usibishane naye. Mpe kopo la vaselini, mwambie kazi ya kuziba masikio ni yake.