Macho ya njano na ALT 1240

"Mdogo wangu yuko Kasulu, macho ya njano. ALT 1240, AST 910, ALP 160, bilirubini jumla 98, dairekti 71. Ini limeharibika?"

Pole dada. Anza kwa kulinganisha ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, na ALP, kimeng'enya cha njia ya nyongo. ALT kwa kawaida haizidi 40 hivi, kwa hiyo yake imepanda mara 30, wakati ALP imesogea kidogo tu. Maana yake seli za ini zenyewe zinaumia. Mawe yanapoziba njia ya nyongo, kwa kawaida ALP ndiyo hupanda sana, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi huku choo kikipauka. Malaria nayo huleta umanjano, ila mara nyingi ALT haifiki huko, na bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu, inayopanda zaidi ni isiyo dairekti, yaani ambayo ini halijaichakata.

Kwa namba hizi, wahusika wa kawaida ni virusi vya homa ya ini (A, B, E), dawa, na mitishamba. Aombe kipimo cha HBsAg, yaani cha homa ya ini B. Kama anatumia dawa za TB, asimeze dozi nyingine kabla ya kuonana na kliniki, leo hii. Panadol na pombe aache.

Kipimo kinachoonyesha hatari hasa ni INR, yaani damu inavyochelewa kuganda. Ikizidi 1.5, au akianza kuchanganyikiwa au kusinzia mchana, awahishwe hospitali ya rufaa ya Maweni, Kigoma. Na ALT ikishuka huku bilirubini na INR zikipanda, msifurahi: huenda seli za kuvujisha kimeng'enya zimekwisha.