Ofa ya kazi ikifutwa wakati umeshaacha ya zamani

Simu iliingia Alhamisi saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekaa sakafuni Mwanza, nafunga sufuria kwenye magazeti, kwa sababu Jumatatu nilitakiwa kuripoti kazi mpya Dar es Salaam. Dada wa rasilimali watu alinisalimia vizuri, kisha akasema, "Dada, ile nafasi imesitishwa kwa sasa. Tutakutafuta." Nikamwambia asante. Mpaka leo naumia nikikumbuka kwamba nilimshukuru, nikakata simu bila kuuliza hata swali moja.

Wakati huo barua yao ya ofa nilikuwa nimeshaisaini na kuirudisha wiki nne nyuma. Notisi yangu ya siku 28 kwa mwajiri wa zamani ilikuwa imebaki siku moja. Dar nilikuwa nimelipia chumba miezi sita, shilingi 250,000 kwa mwezi, na dalali amechukua kodi yake ya mwezi mmoja. Mzigo mmoja ulikuwa umeshatangulia kwa basi.

Likikupata jambo kama hili, kabla hujalia wala hujamsimulia mtu, mpigie bosi wako wa zamani. Barua ya kuacha kazi ikishapokelewa huwezi kuifuta peke yako, mpaka mwajiri akubali, na kila siku inayopita inampa nafasi ya kumpata mtu mwingine. Mimi nilipiga kesho yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bosi," akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mrithi wangu amesaini asubuhi ileile. Ningepiga jioni ya Alhamisi huenda ningerudi kwenye meza yangu.

Jambo la pili ni kulipata lile neno la simu kwa maandishi. Mimi niliandika barua pepe fupi: "Leo saa tisa mmenijulisha kwa simu kuwa ofa yenu niliyoikubali kwa saini imeondolewa. Naomba mthibitishe kwa maandishi pamoja na sababu." Usitukane wala usitoe vitisho. Barua hiyo baadaye ndiyo itakayoonyesha ni lini ofa ilifutwa na nani aliifuta.

Kisha kaa chini uisome barua ya ofa yako taratibu, kwa sababu haki yako inategemea ulikuwa umefika wapi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtoa ofa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla hujamtumia jibu la kuikubali. Ukishaikubali kama ilivyo, mkataba umezaliwa, hata kama hujakanyaga ofisini. Lakini ukijibu, "Nakubali, ila mshahara uwe milioni moja na nusu," hujakubali. Umetoa ofa yako mwenyewe, nao wana haki ya kukaa kimya. Nimewaona vijana wengi wakikwama hapo bila kujua. Halafu kuna ofa zenye masharti: uhakiki wa vyeti, wadhamini, vipimo vya afya. Sharti likishindikana kweli, mwajiri yuko salama. Kwa hiyo uliza ni sharti gani, na limeshindikana vipi.

Barua yangu haikuwa na sharti lolote lililobaki, hivyo nikakaa na daftari kuhesabu hasara. Kodi 1,500,000, dalali 250,000, nauli na mizigo 180,000. Nilimsihi mwenye nyumba, dalali akaleta mpangaji mwingine, nikarudishiwa kodi ya miezi minne, yaani 1,000,000. Hasara halisi ikabaki 930,000. Usikae tu huku kodi inaliwa ukitegemea utamdai mwajiri, kwa sababu sheria inategemea ufanye juhudi za kupunguza hasara yako, na usichojaribu kukiokoa unaweza usilipwe. Risiti zote nilizipiga picha, hata ile karatasi ya dalali yenye saini ya kalamu nyekundu.

Kuhusu mshahara, watu hujipa matumaini makubwa mno. Wanadai mwaka mzima. Kwa mkataba unaoweza kuvunjwa kwa notisi, mwajiri angeweza kukupokea Jumatatu na kukupa notisi Jumanne, kwa hiyo unachoweza kukitetea kwa nguvu ni kile kipindi cha notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kima cha chini cha siku saba kama notisi imetolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Barua yangu ilitaja mwezi mmoja, na siku saba kwa kipindi cha majaribio. Mimi nikadai mwezi, 1,300,000, wao wakang'ang'ania siku saba. Baada ya barua tatu tukakutana katikati: gharama zote 930,000 na nusu mshahara 650,000. Jumla 1,580,000. Miezi miwili niliyokaa bila kazi haikulipwa.

Tungeshindwana, hatua yangu ingekuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, kwa Fomu CMA F.1 ambayo mwajiri naye anapewa nakala. Muda ni mfupi: siku 30 kwa malalamiko ya kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Ukiwa hujaanza kazi, jiandae kusikia mwajiri akidai hukuwahi kuwa mfanyakazi wake. Jibu lako ni ile barua yenye saini mbili. Na kama ofa imefutwa baada ya wao kujua una mimba, una ulemavu au unaishi na virusi vya UKIMWI, hilo ni suala jingine na zito zaidi, maana katazo la ubaguzi linamlinda hata mwombaji kazi. Hapo usikubali kumalizana kwa simu. Mtafute mwanasheria.

Miaka kadhaa baadaye nikajikuta upande wa pili, nikiwa afisa rasilimali watu kwenye shirika ambalo mfadhili alikata bajeti ghafla. Watu wawili walikuwa wamekubali ofa zetu. Mkurugenzi alitaka tusubiri wiki moja, pengine mfadhili atabadili mawazo. Nilimkatalia. Nilijua ndani ya wiki hiyo kuna mtu atalipa kodi.

Tulipiga simu siku ileile, na aliyepiga ni mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu habari ya namna hii haitumwi kwa msaidizi asiye na mamlaka ya kujibu lolote. Nilimwomba aulize kwanza, "Umeshawasilisha barua ya kuacha kazi?" Mmoja, mama wa watoto wawili kule Morogoro, alikuwa nayo kwenye mkoba, anaipeleka mchana. Hakuipeleka. Wa pili alikuwa ameshaacha. Kwake tuliandika barua siku hiyo ikisema wazi kuwa nafasi imefutwa kwa kukosa fedha, wala si kwa kasoro yake, ili aweze kumwonyesha mwajiri mwingine. Tukamwomba risiti, tukamlipa gharama pamoja na mshahara wa mwezi mmoja kabla hajadai. Neno "imesitishwa" nililikataza kabisa. Linamfanya mtu asubiri simu isiyokuja na kuacha kutafuta kazi nyingine.

Tangu hapo kila barua ya ofa ninayoandaa inabeba aya hii, kwa herufi nzito, juu ya mahali pa kusaini: "Tafadhali usiwasilishe barua ya kuacha kazi yako ya sasa, wala usihame, mpaka tutakapokuandikia kuwa uhakiki umekamilika na bajeti ya nafasi hii imeidhinishwa." Barua hiyo ya pili huwa naisaini mwenyewe.