Jongo: maharage si ya kuacha

"Nina jongo. Nimeacha nyama, maharage na mchicha, nimekonda, lakini asidi ya yuriki haishuki. Nile nini?"

Habari ndugu. Rudisha maharage na mchicha, kwa kuwa purini za mimea, yaani viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, hazijaonekana kuongeza jongo, ilhali kujinyima hadi kukonda haraka hupandisha asidi hiyo. Kwanza pitia ulichokunywa wiki nzima, yaani bia na soda, kisha maini, figo na dagaa. Mteja wangu mmoja aliacha hata kunde, huku akishushia ugali wa mchana kwa soda mbili. Tulianza na soda. Kipande cha kuku si tatizo. Ukimeza vidonge vya presha vya kukojoza, navyo huweza kupandisha asidi hiyo; usiviache, ila mwulize daktari kama vinaweza kubadilishwa. Chakula pekee hushusha asidi kidogo tu. Maumivu yakijirudia, zungumzeni naye kuhusu alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo.